UZI: Jedwali lilitarajia 1,245,000 kufikia Jumamosi, benki ina 585,000. Picha ya rejista ya hundi tumeisomaje?

#1 Binti_Makupa (Jumanne 21 Oktoba 2025, saa 1:40 usiku)

Habari za jioni, wanajukwaa. Natunza hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Wateja wetu wa Malindi, Kwale na Voi huchukua mabati, saruji na misumari kwa mkopo na kutuachia hundi za tarehe ya mbele, ambazo mwenye duka huziandika kwa mkono wake kwenye kauntabuku. Mwanzoni mwa mwezi alisafiri kwenda Pemba, akaondoka na kauntabuku yake, akanitumia picha ya ukurasa wa Oktoba kwa simu. Hundi zenyewe zimo kwenye sefu, kila moja ndani ya bahasha yenye tarehe, na mpwa wake ndiye anayezipeleka benki.

Kazi yangu ni kugeuza picha hiyo kuwa orodha ya siku ambazo fedha zitaingia, kisha makadirio ya wiki tatu. Mistari niliyoisoma ni hii, kwa shilingi za Kenya:

1. Mteja A, 9/10, 180,000
2. Mteja B, 10/10, 240,000
3. Mteja C, 12/10, 95,000
4. Mteja D, 15/10, 310,000
5. Mteja E, 17/10, 420,000
6. Mteja F, 18/10, 150,000
7. Mteja B, 20/10, 240,000

Jedwali tulilorithi kwa karani aliyetangulia huchukua tarehe ya hundi na kuongeza siku moja. Kwa hesabu hiyo, mistari mitano ya kwanza ilipaswa kuwa imeingia kufikia Jumamosi tarehe 18, yaani 1,245,000. Taarifa ya benki inaonyesha 585,000 tu. Pengo ni 660,000. Naomba mnisaidie kuelewa linatoka wapi, kwa sababu sisi wenyewe tumetoa hundi ya 900,000 kwa muuzaji wetu wa mabati, na ina tarehe 17.

#2 Mkwaju_Kongowea (saa 1:58 usiku)

Dada, hapo hakuna fumbo. Hundi huchukua siku nne kusafishwa, hasa ikiwa imetoka benki ya mji mwingine. Ya Voi na Malindi lazima isafiri. Ongeza siku nne badala ya moja na hesabu itakaa sawa.

#3 Karani_Mstaafu (saa 2:21 usiku)

Ndugu Mkwaju, hayo yalikuwa kweli zamani, karatasi yenyewe ilipokuwa ikibebwa kwenye mifuko. Tangu mabenki ya Kenya yaanze kubadilishana picha za hundi mwaka 2011, umbali wa tawi hauna kazi tena. Hundi iliyowekwa leo kabla ya saa ya kufunga mapokezi huwa fedha siku ya kazi inayofuata, iwe imetoka Voi au Busia. Nilikaa kwenye dawati la kliaringi wakati wa mabadiliko hayo, na malalamiko ya "hundi ya bara huchelewa" tuliyaona yakiisha.

Neno la kuliangalia ni "siku ya kazi". Binti, weka kalenda ya mwezi huu mbele yako. Ijumaa tarehe 10 ilikuwa Siku ya Mazingira. Ijumaa tarehe 17 ilitangazwa kuwa sikukuu ndani ya wiki hiyohiyo kwa ajili ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga. Jumatatu tarehe 20 ilikuwa Mashujaa. Huu ni mwezi wenye miisho mirefu ya juma miwili mfululizo, na hundi zako karibu zote zimeangukia humo.

Chukua mstari wa kwanza. Hundi ina tarehe 9, Alhamisi, kwa hiyo iliwekwa siku hiyohiyo. Siku ya kazi inayofuata haikuwa Ijumaa bali Jumatatu tarehe 13. Mstari wa pili una tarehe ya sikukuu, hivyo haukuweza kuwekwa kabla ya Jumatatu tarehe 13, na fedha zake ni za Jumanne 14. Wa tatu ni Jumapili, nao unakwenda Jumanne 14 vilevile. Wa nne uliwekwa Jumatano 15 na ulipaswa kuingia Alhamisi 16. Wa tano ndio uliopata pigo kubwa: tarehe 17 benki zimefungwa, Jumamosi hakuna kliaringi, Jumatatu ni Mashujaa, kwa hiyo umewekwa leo Jumanne na fedha zake ni za kesho. Wa sita na wa saba pia ni wa kesho.

#4 Binti_Makupa (saa 2:50 usiku)

Ahsante sana, mzee wangu. Nimeipanga upya kama ulivyosema. Mistari minne ya kwanza inatoa 825,000 kufikia Alhamisi 16, na mitatu ya mwisho inatoa 810,000 kwa kesho. Kwa hiyo kati ya pengo la 660,000, kalenda imeeleza 420,000, yaani hundi ya mteja E. Bado 240,000 hazina maelezo, kwa maana benki ina 585,000 na siyo 825,000. Nimelinganisha mstari kwa mstari: 180,000, 95,000 na 310,000 zimeingia. Iliyokosekana ni ya mteja B ya tarehe 10.

#5 Jedwali_Hai (saa 3:05 usiku)

Kabla hamjaingia kwa mteja B, naomba tulitengeneze jedwali lenyewe, kwa sababu kanuni ya kuongeza siku moja itawaumiza tena Desemba. Fungueni karatasi ya pili, muipe jina Sikukuu, na muandike humo tarehe zote za mapumziko. Ikiwa tarehe ya hundi iko kwenye E, siku ya kuiweka benki iwe F na siku ya fedha kuingia iwe G:

```
F2: =WORKDAY(E2-1,1,Sikukuu!$A$2:$A$20)
G2: =WORKDAY(F2,1,Sikukuu!$A$2:$A$20)
```

Ile "E2-1" ina sababu yake. Fomula hii huhesabu siku ya kazi inayofuata baada ya tarehe uliyoipa, kwa hiyo unarudi nyuma siku moja ili hundi yenye tarehe ya siku ya kazi ibaki palepale, na yenye tarehe ya Jumapili au sikukuu isogee mbele. Sikukuu ikitangazwa ghafla kama ya tarehe 17, unaongeza mstari mmoja tu kwenye karatasi ya Sikukuu na jedwali zima linajisogeza.

Angalieni pia tarehe zenyewe baada ya kuandikwa. Kama kompyuta imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, 9/10 itageuka kuwa tarehe 10 Septemba na 12/10 itakuwa tarehe 10 Desemba, huku 15/10 ikikataa kabisa kuwa tarehe na kubaki maandishi. Dalili yake ni kwamba baadhi ya tarehe zitaegemea kulia mwa kisanduku na nyingine kushoto. Badilisheni mwonekano uwe `ddd dd/mm/yyyy` ili jina la siku lionekane, na hapo kosa lolote litajitokeza.

#6 Mabati_na_Mbao (saa 3:17 usiku)

Nami napigia picha daftari langu, ila picha hutoka na ukungu. Ni simu gani nzuri kwa kazi hii, isiyozidi elfu ishirini na tano?

#7 Jedwali_Hai (saa 3:24 usiku)

Ndugu yangu, mada ni hundi, ingawa swali lako lina faida kidogo. Simu uliyonayo inatosha. Laza daftari mezani karibu na dirisha, simama ili kivuli chako kisiangukie ukurasa, na hakikisha pembe zote nne zinaonekana. Daftari nene hupinda katikati, na namba za safu ya ndani hujibana hadi 1 na 7 zikafanana, kwa hiyo mtu mwingine akandamize ukurasa kwa rula.

Binti, nauliza kwa sababu hiyohiyo: je, kwenye picha yako pembe zote zinaonekana? Na chini ya ukurasa pana jumla?

#8 Binti_Makupa (saa 3:46 usiku)

Swali zuri, na jibu lake limenishtua. Jumla ipo chini ya ukurasa na inasomeka bila shaka: 1,395,000. Mistari yangu saba inatoa 1,635,000. Tofauti ni 240,000 kamili.

Ukingo wa kulia umekatwa. Safu ya maelezo, ambako mwenye duka huandika mambo kama "imebadilishwa" au "asubiri", haionekani kabisa. Upande wa kushoto pana kivuli cha simu kilichofunika tarehe za kupokea kwa mstari wa sita na wa saba.

#9 Karani_Mstaafu (saa 4:10 usiku)

Basi jibu limo mkononi. Mteja B alikuja kabla ya tarehe 10, akaomba muda, akaacha hundi mpya ya tarehe 20 na kuchukua ile ya awali. Mwenye duka aliandika hundi mpya kwenye mstari wa saba, akaweka alama ya kuifuta ya pili kwenye safu ya maelezo ambayo picha imeikata, kisha akajumlisha bila kuihesabu. Rejista za namna hii zimejaa hundi za kubadilishana, na mtu anayenakili kila mstari bila kuona maelezo huhesabu deni moja mara mbili. Deni la mteja B kwako ni 240,000. Siyo 480,000.

Tazama pia namba za hundi zake mbili, kama zinasomeka.

#10 Binti_Makupa (saa 4:22 usiku)

Zinasomeka: 000412 na 000418.

#11 Karani_Mstaafu (saa 4:30 usiku)

Hiyo inaongeza uzito. Mteja anayelipa kwa awamu huandika hundi zake zote siku moja akiwa amesimama kwenye kaunta, na namba hufuatana: 412, 413. Ruko la majani sita linaonyesha kwamba ya pili iliandikwa siku nyingine.

#12 Mwalimu_wa_Hesabu_Kilifi (saa 4:41 usiku)

Naheshimu uzoefu wa mzee, lakini ushahidi huo unaruhusu maelezo mengine yenye nguvu ileile. Jumla ya 1,395,000 inapatikana pia kama mwenye duka alijumlisha mistari sita, kisha mteja B akaja baadaye, akachukua mzigo wa pili wa thamani sawa, na hundi yake ikaandikwa chini ya jumla au ikabanwa juu yake. Namba 418 ingetokea vilevile, maana baada ya wiki mbili mteja huyo atakuwa amewaandikia watu wengine hundi tano. Katika hali hiyo deni ni 480,000, na ile ya tarehe 10 ni hundi halali ambayo haijaenda benki.

Binti, mstari wa saba umekaa wapi ukilinganisha na jumla? Wino wake unafanana na wa mstari wa sita?

#13 Binti_Makupa (saa 4:55 usiku)

Mstari wa saba uko juu ya jumla, lakini umebanwa, na herufi zake ni ndogo kuliko za mistari mingine. Wino siwezi kuuamua kwa picha, kwa kuwa taa ilikuwa ya njano.

#14 Mkwaju_Kongowea (saa 5:02 usiku)

Mimi nasema hundi ilidunda na benki haijawaambia. Mpelekeni polisi mteja huyo, hundi kurudi ni kosa la jinai.

#15 Karani_Mstaafu (Jumatano 22 Oktoba, saa 12:35 asubuhi)

Mkwaju, kwanza, hundi iliyodunda huacha alama. Taarifa ya benki ingeonyesha 240,000 zimeingia na kutolewa, au ingeonyesha walau ada ya hundi iliyorudi, na picha ya hundi ingerudishwa ikiwa na sababu. Binti amesema mstari huo haupo kabisa, kwa hiyo hundi hiyo haikuwahi kufika benki. Mpwa wa mwenye duka aulizwe kama bahasha ya tarehe 10 ilikuwa na kitu ndani.

Pili, kuhusu polisi, soma sheria vizuri. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani mtu anayetoa hundi akijua hana fedha za kutosha, lakini kifungu hichohicho kinaiondoa hundi ya tarehe ya mbele katika kosa hilo, kwa kuwa siku ya kuitoa pande zote mbili zinajua kwamba fedha bado hazijawa tayari. Dai la hundi kama hizi ni la madai, na dukani mara nyingi huishia kwenye mazungumzo.

#16 Mpwani_Maskati (saa 1:20 asubuhi)

Nawasalimu kutoka Maskati. Huku nami huandaa orodha kama hii kwa ofisi inayokodisha nyumba, kwa kuwa wapangaji hutoa hundi za mwaka mzima siku ya kusaini mkataba. Fomula ya Jedwali_Hai ingenipa majibu mabaya, maana mapumziko ya juma Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi. Ninayotumia ni hii, ambapo ile 7 ndiyo inayotaja mapumziko hayo:

```
=WORKDAY.INTL(E2-1,1,7,Sikukuu!$A$2:$A$20)
```

Kabla ya hapa nilifanya kazi Dubai, na kule kuna jambo linalobadilisha makadirio yenyewe. Tangu Januari 2022 benki ya Falme za Kiarabu ikikuta salio halitoshi hutakiwa kulipa kiasi kilichopo, na mwenye hundi akabaki anadai salio lililobaki. Kwa hiyo mstari mmoja wa rejista unaweza kuleta fedha nusu. Kenya hundi huingia yote au haileti hata senti, jambo ambalo kwa mpangaji wa makadirio ni rahisi kulihesabu ingawa ni gumu kulivumilia.

#17 Mama_Saruji (saa 2:05 asubuhi)

Mimi nauza saruji Ukunda, na nataka kusema jambo ambalo nyote mmelipita. Binti anadhani tarehe ya hundi ni ahadi. Kwangu mimi wateja wazuri kabisa hupiga simu siku mbili kabla: "Mama, usipeleke bado, niache hadi wiki ijayo." Huwa nawasikiliza, kwa sababu nikiipeleka kwa nguvu itarudi, nitalipa ada, na mteja atahamia kwa jirani. Hundi haibadilishwi na haifutwi daftarini, inakaa tu kwenye bahasha. Huenda mteja B alimpigia mwenye duka simu huko Pemba, naye akamwambia mpwa aiweke kando. Hakuna picha ya rejista itakayowaonyesha hilo.

Kwa hiyo mimi huandika kando ya jina la kila mteja muda anaochelewa kwa kawaida. Wa Kwale namjua kwa wiki moja, na mmoja wa Lunga Lunga hajawahi kuchelewa. Naupanga mwezi wangu kwa tabia ya mtu, kisha ndipo naangalia kalenda.

#18 Jedwali_Hai (saa 2:30 asubuhi)

Mama Saruji amegusa kitu ambacho fomula haikioni. Kinaingia kwa urahisi: ongezeni safu ya ucheleweshaji wa mteja, ijumlishwe kwenye E kabla ya kutafuta siku ya kazi. Ila ninyi msiuweke ucheleweshaji kwa kukisia. Chukueni taarifa za benki za miezi iliyopita, mlinganishe tarehe ya kila hundi na siku iliyoingia, na mteja asiye na historia aachwe na sifuri. Ucheleweshaji ukizidi mno kuna ukomo wake pia, kwa sababu hundi ya Kenya huchacha miezi sita baada ya tarehe yake na benki haitaipokea.

Na kipimo kingine kidogo cha picha: hundi inayozidi shilingi milioni moja haipiti kliaringi tangu 2009. Ukikuta umesoma 1,350,000 kwenye mstari mmoja, ama umeongeza tarakimu, ama mwenye daftari amejumlisha hundi mbili.

#19 Mwalimu_wa_Hesabu_Kilifi (saa 3:12 asubuhi)

Wakati tunabishana juu ya 240,000, nina wasiwasi zaidi na ile hundi ya 900,000 waliyoitoa wao. Binti, tupe salio la kuanzia na matumizi mengine, tuone siku baada ya siku.

#20 Binti_Makupa (saa 3:40 asubuhi)

Salio la Jumatatu tarehe 6 lilikuwa 210,000. Mishahara ya wapakizi ni 60,000 kila Jumamosi. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa 165,000. Mwisho wake ni tarehe 20, lakini kwa kuwa tarehe 20 ni Mashujaa tuliilipa Alhamisi 16 kwa usalama. Usafirishaji ulikuwa 90,000, uliolipwa tarehe 14.

Kwa kalenda ya Mzee Karani, na tukidhani kila hundi imeingia, makadirio ya wiki yanakuwa hivi. Wiki ya tarehe 6 inaisha na 150,000, kwa sababu hakuna hundi iliyoingia kabla ya tarehe 13. Wiki ya tarehe 13 inapokea 825,000 na kutoa 315,000, inaisha na 660,000. Wiki hii inapokea 810,000 na kutoa 960,000, inaisha na 510,000. Bila ile hundi ya mteja B, kila moja ya wiki mbili za mwisho inapungua kwa 240,000, kwa hiyo tunabaki na 420,000 na kisha 270,000. Hakuna wiki iliyo chini ya sifuri.

#21 Mwalimu_wa_Hesabu_Kilifi (saa 4:05 asubuhi)

Hapo ndipo makadirio ya wiki yanapoficha hatari. Mlianza wiki hii na 420,000. Kama muuzaji wa mabati aliweka hundi yenu jana Jumanne, siku ya kwanza benki kufunguliwa, basi 900,000 zinadaiwa leo, na 810,000 zenu zinaingia leo. Zikitangulia kuingia mna 1,230,000 na hundi inalipwa. Dai likitangulia mna 420,000 mbele ya 900,000. Hata mngekuwa na zile 240,000 msingetosha, kwa kuwa 660,000 bado ni pungufu.

Kwa hiyo makadirio ya hundi yaandikwe kwa siku, angalau katika wiki yenye malipo makubwa, na kila siku ionyeshe salio kabla ya hundi za siku hiyo kuingia.

#22 Karani_Mstaafu (saa 4:28 asubuhi)

Sikubaliani nawe kwa kiasi fulani. Hundi zote zilizowekwa jana zimo kwenye mzunguko mmoja, za kuingia na za kutoka, na benki yenye busara huangalia mwisho wa mzunguko kabla ya kurudisha hundi. Kwenye dawati letu karani alikuwa akipiga simu kwa mteja kabla ya kurudisha hundi kubwa, hasa akiona kuna hundi za kuingia siku hiyohiyo.

#23 Mama_Saruji (saa 4:44 asubuhi)

Mzee, hiyo ni benki ya enzi zenu. Siku hizi mfumo huamua wenyewe, na simu huja baada ya ada kukatwa. Mimi ningekuwa Binti, ningempigia muuzaji wa mabati sasa hivi nimuulize kama ameshaiweka, na kama bado, nimuombe aiweke kesho.

#24 Binti_Makupa (saa 9:15 alasiri)

Shukrani kwenu nyote. Taarifa ya benki ya mchana huu inaonyesha 420,000, 150,000 na 240,000 ya mteja B ya tarehe 20. Zote tatu zimeingia leo, kama kalenda ilivyosema, na jumla ya mwezi imefika 1,395,000. Hundi ya muuzaji wa mabati haijaonekana. Nimempigia, akasema ataiweka kesho kwa sababu karani wake hajarudi kutoka msibani Siaya.

Mpwa naye anasema bahasha ya tarehe 10 ilikuwa tupu alipoifungua Jumatatu ile, akadhani mjomba wake ameipeleka mwenyewe.

#25 Karani_Mstaafu (saa 9:32 alasiri)

Bahasha tupu na jumla ya 1,395,000. Hundi ilirudishwa kwa mteja B alipoleta mpya. Sidhani kama kuna la kuongeza.

#26 Mwalimu_wa_Hesabu_Kilifi (saa 9:50 alasiri)

Bahasha tupu inaeleza kwamba hundi haipo, haielezi ilikwenda wapi. Mwenye duka angeweza kusafiri nayo, au kumlipa mtu mwingine kwa kuihawilisha kwa sahihi yake nyuma.

#27 Karani_Mstaafu (saa 10:04 jioni)

Kuihawilisha hapana. Hundi za siku hizi nyingi zina mistari miwili na maneno ya kulipwa mwenye jina pekee, na benki ya mtu wa tatu ingeikataa. Kusafiri nayo inawezekana, ingawa mtu hapeleki Pemba hundi ya benki ya Kenya.

#28 Mama_Saruji (saa 10:20 jioni)

Leja ya mteja B inasemaje? Kama alichukua mzigo mmoja tu wa 240,000, mmemaliza. Kama kuna ankara mbili, Mwalimu ameshinda.

#29 Binti_Makupa (saa 11:05 jioni)

Kwenye leja kuna ankara moja ya 240,000 ya mwezi Agosti, na hati mbili za kupeleka mzigo za Septemba ambazo hazijatiwa bei, kwa kuwa bei ya mabati ilikuwa bado inajadiliwa. Nikizipiga kwa bei ya Agosti zinatoa karibu 236,000, kwa hiyo siwezi kusema upande wowote umeshinda.

Kwa sasa nimeuondoa mstari wa pili kwenye jumla ya fedha zinazotarajiwa na kuuweka chini ya jedwali, peke yake, bila tarehe. Makadirio yanaanza na salio la leo la 1,230,000 na hundi ya 900,000 kesho, kisha mishahara ya Jumamosi. Mwenye duka nimemtumia ujumbe anipigie upya picha ya ukurasa huo, ukingo wa kulia ukiwemo.

#30 Mabati_na_Mbao (saa 11:40 jioni)

Nimefanya kama mlivyosema, dirishani na rula juu ya ukurasa, na picha imetoka safi kwa simu yangu ileile. Sasa nina swali langu: hundi yenye tarehe 12 Desemba ni Jamhuri na ni Ijumaa, na mshahara wangu ni Jumamosi tarehe 13. Niiombe ibadilishwe iwe tarehe 10 au 11?

#31 Jedwali_Hai (saa 11:52 jioni)

Omba tarehe 10. Ya tarehe 11 ikiwekwa Alhamisi itaingia Jumatatu 15, wakati ya tarehe 10 huingia Alhamisi.